Mtoto anazubaa sekunde chache, na dawa ya kifafa imemzidishia. Hiki ni kifafa cha sehemu moja au cha ubongo mzima?

MamaKitindamimba:
Wakuu, naombeni mnieleweshe. Kijana wangu wa mwisho ana miaka 7. Tangu mwaka jana anakatika katikati ya maneno. Ataniambia "mama naomba ile...", kisha kimya, macho yametulia mbele, kope zinapepesa. Mara anamalizia "...kalamu nyekundu", kana kwamba hakuna kilichopita hapo katikati. Mwalimu wake alidhani hasikilizi, akawa anamgongea meza. Siku moja nilikaa naye kutwa nzima nikihesabu, nikapata mara 14.

Hospitali foleni ilikuwa ndefu nikaeleza harakaharaka: anapotea, midomo inachezacheza, halafu anarudi. Kwenye daftari lake wakaandika kifafa cha sehemu moja, akaanzishiwa kabamazepini. Kipimo cha umeme wa ubongo hakufanyiwa. Hii ni wiki ya tatu. Juzi nimehesabu zaidi ya mara 30. Hajawahi kuanguka hata siku moja.

Je, dozi ni ndogo? Na hiyo "sehemu moja" maana yake nini?

Mwl_Upeo:
Pole sana dada. Mimi nafundisha baiolojia, nitajaribu. Ubongo unafanya kazi kwa umeme. Kifafa ni umeme kuzidi. Ukizidi pembe moja, ndicho kifafa cha sehemu moja, na ndicho chepesi: mtu anazubaa, anatikisika kidole, basi. Ukizidi ubongo wote, ndicho cha jumla, mtu anaanguka, anakakamaa, anatoa povu. Kwa kuwa mwanao haanguki, cha kwake ni cha sehemu moja, walichoandika ni sahihi. Huenda dozi ndiyo haijafika, kwa kuwa kabamazepini huwa inapandishwa polepole.

FundiMawimbi:
Dada, kabla hujafikiria kuongeza dozi, naomba unijibu maswali manne. Narekodi mawimbi ya ubongo, ni kazi yangu ya mwaka wa 11 sasa, na maswali haya ndiyo ninayomuuliza kila mzazi kabla sijambandika mtoto vidude kichwani.

Likimshika linachukua sekunde ngapi, kwa saa na si kwa kukisia? Kabla halijaja, hulalamika chochote: tumbo kupanda, woga wa ghafla, harufu ya ajabu? Likiisha anarudi papo hapo, au anabaki amechanganyikiwa, anasinzia, hajui yuko wapi? Na je, umewahi kuona mkono mmoja tu, au upande mmoja wa uso, ukifanya jambo ambalo upande wa pili haufanyi?

Mwalimu, ulipoeleza mahali umeme unapoanzia umepatia. Ulipopima uzito wa ugonjwa kwa kuangalia nani anaanguka, hapo sikubaliani nawe, nitarudi.

MamaKitindamimba:
Asante ndugu yangu. Nimemrekodi kwa simu mara tatu leo. Sekunde 8, sekunde 11, sekunde 9. Halalamiki chochote kabla. Likiisha limeisha, anaendelea na alichokuwa akikifanya, wala hajui kwamba lilimshika. Upande mmoja sijaona. Kope zote mbili ndizo zinapepesa, na midomo huilambalamba kidogo.

FundiMawimbi:
Majibu hayo yananielekeza upande ambao haukuandikwa kwenye daftari. Acha nianzie chini kabisa, ili uweze kumuuliza daktari kwa uhakika.

Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kuliko nje, kama milivolti 70 hivi. Ikichochewa vya kutosha, milango ya sodiamu inafunguka, inafyatua mara moja, inarudi kutulia. Kinachoifanya isifyatue ovyo ni majirani zake. Wapo wanaochochea kwa kumwaga glutameti, na wapo wanaotuliza kwa kumwaga gaba. Ubongo mzima unaishi kwenye mvutano huo.

Kwenye kovu au uvimbe, au mahali gamba la ubongo halikujipanga vizuri tangu tumboni, mvutano huo huharibika. Seli badala ya kufyatua mara moja hupanda na kukaa juu, kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi, na muda huo wote inafyatua mfululizo, tatatatata. Peke yake haina neno, hakuna anayehisi. Shida ni pale maelfu ya majirani wanapofanya hivyo kwa pamoja. Kila mfyatuko unaacha potasiamu nje ya seli, na potasiamu ikirundikana nje, seli jirani nazo hukaribia kufyatua. Kwa kawaida, seli zinazotuliza hujenga uzio kuzunguka hapo mahali. Zikichoka, moto unavuka uzio. Hilo ndilo shambulio la sehemu moja: lina mahali pa kuanzia, kisha linatembea.

Sasa, mtoto wa kuzubaa sekunde 9, bila dalili ya kabla na bila kuchanganyikiwa baada yake, mara nyingi kwa siku, kwa kawaida hana kovu kama hilo. Kwenye karatasi yangu pande zote mbili za kichwa huingia pamoja na kutoka pamoja. Ndiyo maana, Mwalimu, kuzubaa huku kunahesabiwa kuwa cha ubongo mzima ingawa mtoto haanguki. Na kile cha sehemu moja kinaweza kumwangusha mtu mzima kwa kishindo, kikishavuka uzio na kusambaa pande zote mbili.

Seremala_Mkongwe:
Hapo kwenye kutembea umenigusa. Mimi langu huanzia kidole gumba cha mkono wa kushoto. Sina la kuzubaa. Naona kabisa kidole kinaanza kuruka chenyewe, halafu vidole vingine, halafu kifundo cha mkono, kiwiko, na baadaye shavu la kushoto linavutwa. Naongea, nasikia, najua nilipo. Hudumu kama dakika moja. Mara mbili limefika mpaka nikaanguka na kupoteza fahamu. Likiisha, mkono huo unakuwa mzito kama si wangu, patasi siwezi kuishika kwa nusu saa hivi au zaidi. Niliwahi kupigwa na boriti kichwani upande wa kulia nikiwa kijana. Niliambiwa nimepata kiharusi kidogo kwa sababu ya huo uzito. Ni kweli?

FundiMawimbi:
Mzee wangu, shikamoo. Ulivyoeleza, ndivyo alivyoeleza daktari Mwingereza Hughlings Jackson katika karne ya 19, wakati hakuna hata mashine ya kurekodi. Yeye aliona mitikisiko inapanda kiungo baada ya kiungo, akakata shauri kwamba ndani ya ubongo lazima kuna ramani ya mwili, na kwamba moto unapita juu ya ramani hiyo. Alipatia. Kwenye ukanda wa gamba unaoendesha misuli, kidole gumba kina eneo kubwa sana, vidole vingine viko pembeni yake, na uso ni jirani wa mkono. Ndiyo maana lako linaruka kutoka mkononi kwenda shavuni kabla mguu haujaguswa. Mkono wa kushoto, kwa hiyo ramani ya kulia, na boriti ilikupiga kulia. Vinalingana.

Uzito wa mkono baadaye si lazima uwe kiharusi. Eneo lililofyatua kwa nguvu hubaki limechoka na limezimwa kwa muda, dakika hadi saa kadhaa, kisha linarudi. Kwetu sisi udhaifu huo ni ushahidi wa maana sana, kwa kuwa unaonyesha lilipoanzia hata kama aliyekuwepo aliona tu mwili mzima unatikisika. Lakini aliyeamua kwamba ni kiharusi au si kiharusi awe amekupiga picha ya ubongo, si mimi kwa maandishi haya. Na kama bado unatumia msumeno wa mashine, nakuomba uuache mpaka mashambulio yadhibitiwe.

MamaMapacha:
Samahani kwa kuingilia. Mimi wangu alipata degedege akiwa na miezi 18, homa ilipanda, akakakamaa dakika mbili hivi. Sasa nasoma hapa "ubongo mzima" naogopa. Nimuanzishie kabamazepini mapema ili isifike huko?

DktZamu:
Mama, hapana, na tafadhali usimpe dawa ya mtoto mwingine. Degedege la homa, la dakika mbili, mwili mzima, mara moja tu kwenye homa hiyo, kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, si kifafa, na kwa kawaida halianzishiwi dawa ya kila siku. Kinachopaswa kuangaliwa haraka ni homa yenyewe imetoka wapi, hasa malaria na homa ya uti wa mgongo. Lingekuwa la upande mmoja, au limepita dakika 15, au limerudi ndani ya saa 24, ningetaka achunguzwe zaidi. Likimshika tena, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5 mkimbize hospitali.

Kwa mwenye uzi: namuunga mkono Fundi, ila kwa tahadhari. Kuna mashambulio ya sehemu ya mbele ya ubongo ambayo ni mafupi, ni mengi kwa siku, na yanasambaa kwa kasi mpaka yanafanana na kuzubaa kwa ubongo mzima. Video ya simu inasaidia sana, ipeleke, lakini haiwezi kutenganisha yote. Na dawa usiikate ghafla kwa kusoma hapa. Ukikata kabamazepini kwa mkupuo, mtoto anaweza kupata mashambulio makubwa mfululizo. Rudi kwa daktari wiki hii hii, mwambie idadi imepanda kutoka 14 hadi 30 tangu aanze dawa. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko maelezo yote.

Mwl_Upeo:
Nimekubali kukosea kuhusu kuanguka. Lakini bado sielewi jambo moja. Kama kifafa ni umeme kuzidi, na kabamazepini inapunguza umeme, itawezaje kuzidisha? Hata kama ni aina nyingine, ingepaswa angalau isidhuru.

FundiMawimbi:
Swali zuri, na ndilo linalonifanya nisilipende sana hilo neno "kuzidi".

Kabamazepini inakaa kwenye milango ya sodiamu, inazuia seli isifyatue tatatatata. Kwa Mzee Seremala hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Lakini kwa mtoto anayezubaa, tatizo la msingi si kasi. Ni kwenda sambamba.

Katikati ya ubongo kuna thalamasi, kituo ambacho karibu kila taarifa hupitia ikienda juu kwenye gamba. Seli zake zina milango ya kalsiamu yenye tabia ya pekee: ili iwe tayari kufunguka, lazima seli kwanza itulizwe sana. Kwa hiyo gaba ikimwagwa juu yake, seli inanyamaza, milango inajiandaa, kisha seli inaruka juu kwa mfyatuko. Mfyatuko huo unapanda kwenye gamba, gamba linarudisha, watulizaji wanaamshwa tena, seli inanyamazishwa tena, inaruka tena. Mzunguko huu ukishika, unajirudia kama mara 3 kwa sekunde, na gamba lote linaupiga kwa pamoja. Kwenye karatasi unaona mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, safi kama ushanga. Mchoro huo ulielezwa 1935 na Gibbs, Davis na Lennox, na mpaka leo ukiuona huuliza mara mbili.

Umeona basi: hapa utulizaji wenyewe ni sehemu ya mashine. Dawa zinazoongeza gaba kwa namna fulani, kama vigabatrini, zinaweza kuzidisha kuzubaa. Kabamazepini nayo imejulikana kwa miaka mingi kufanya hivyo. Maelezo ya kwa nini hasa bado yanajadiliwa, lakini jambo lenyewe linaonekana kliniki. Dawa inayolenga ile milango ya kalsiamu ni ethosuksimidi.

DktZamu:
Naongeza kidogo. Utafiti mkubwa wa 2010 ulioshirikisha watoto 453 wenye kifafa hiki cha kuzubaa ulilinganisha ethosuksimidi, valproeti na lamotrijini. Mbili za kwanza zilidhibiti zaidi, na ethosuksimidi ikasumbua umakini kidogo kuliko valproeti. Ila ethosuksimidi haimkingi mtoto na shambulio kubwa la kukakamaa na kutikisika, kwa hiyo mwenye aina zote mbili huhitaji mpango mwingine.

Na neno "ubongo mzima" nalo tusilikaze sana. Siku hizi hatusemi kwamba linaanza kila mahali kwa wakati mmoja. Tunasema linaanzia mahali fulani ndani ya mtandao wenye matawi pande zote mbili, na linaushika mtandao huo upesi. Kwa panya wenye kuzubaa kwa kurithi, watafiti wameona mwanzo kwenye kipande kidogo cha gamba linalopokea hisia za uso. Kama ndivyo ilivyo kwa watoto, wataalamu bado wanabishana.

FundiMawimbi:
Nakubali. Ingawa kwa mzazi aliye mbele yangu, tofauti bado ina kazi. Mtandao wa pande zote mbili una dawa zake, kovu la upande mmoja lina zake, na kovu likizishinda dawa linaweza kufikiriwa kwa upasuaji. Kuzubaa kwa mtandao hakuna cha kukata.

Dada, ukipata kipimo, mtoto ataambiwa apumue kwa nguvu dakika 3, wengine tunampa kipepeo cha karatasi akipulize kizunguke. Kupumua huko kunashusha kaboni dayoksaidi kwenye damu, na kwa mtoto wa aina hii ambaye hajadhibitiwa, shambulio huja palepale mara nyingi mno. Usimfanyishe nyumbani kwa ajili ya kujaribu tu. Na mtoto mwenye selimundu hapulizishwi, mwambie fundi mapema kama anayo.

Mpita_Njia:
Mimi mke wangu alipimwa, karatasi ikatoka safi, wakamwambia hana kifafa. Lakini hupata jambo: tumbo linapanda kama lifti, anaogopa, kisha anatafuna bila chakula na kushikashika nguo yake kwa dakika moja na nusu, ukimwita hajibu. Baadaye hajui siku. Ni kuzubaa kama kwa huyu mtoto?

FundiMawimbi:
Kwa maelezo yako, hapana, huo ni mfano wa upande mwingine kabisa. Dakika moja na nusu badala ya sekunde 9. Kuna dalili ya kabla, na hiyo dalili ya tumbo na woga ni mwanzo wa shambulio lenyewe, likiwa bado dogo. Kuna kuchanganyikiwa baadaye. Vitu hivyo vinaelekeza kwenye ubongo wa upande wa kichwa, karibu na sikio, sehemu ya ndani inayoshika kumbukumbu na hofu. Kutafuna kunaweza kuwepo kwa wote wawili, ndiyo maana midomo ya mtoto ilimpotosha aliyeandika daftari.

Kuhusu karatasi safi: mashine yangu inasikiliza kupitia fuvu na ngozi. Ili mwiba uonekane juu, huhitajika gamba la ukubwa wa kama sentimita za mraba 10 lifyatue pamoja. Kipande kidogo, kilichojikunja ndani kule, kinaweza kuwaka nisione chochote. Tena narekodi nusu saa tu, na mara nyingi shambulio halipo. Karatasi safi haifuti kifafa. Arudi kupimwa akiwa amekesha, ikiwezekana alale wakati wa kurekodi, na aombe picha ya MRI.

MamaKitindamimba:
Narudi baada ya wiki tano. Daktari mwingine aliangalia video, akampa kipimo siku ile ile. Alipuliza kipepeo. Kwenye sekunde ya 80 hivi kikasimama, macho yakatulia, fundi akamwambia "tembo". Sekunde 10. Aliporudi akaulizwa aliambiwa neno gani, hakujua. Karatasi ilikuwa na mwiba na wimbi mara 3 kwa sekunde, pande zote. Kabamazepini wameishusha taratibu huku ethosuksimidi ikipanda. Jana nimehesabu mara 2. Leo sijaona.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba bado hesabu za shule hazimwingii, hata siku ambayo hapotei kabisa. Nilidhani vingekwisha pamoja.

DktZamu:
Nimefurahi sana kwa hizo mara 2. Hilo la pili ni la kweli na linawapata watoto wengi wa aina hii: umakini unaweza kubaki na shida hata mashambulio yakikoma, kwa hiyo si uvivu wake. Omba apimwe umakini peke yake, na mweleze mwalimu kwa maandishi. Mjulishe daktari pia, ili aangalie kama kuna mashambulio mafupi yanayokupita bila kuyaona.

Seremala_Mkongwe:
Mimi picha nimepigwa. Kuna kovu upande wa kulia, kiharusi hakuna. Nimewekwa kwenye hiyo hiyo kabamazepini iliyomzidishia mtoto, na kidole gumba kimetulia siku ya 19 leo. Msumeno wa mashine nimemwachia kijana wangu, mimi natumia wa mkono.